Baluni na gari: Mkataba mmoja wa Coventry uliosomwa kwa Kiswahili

Dada huyu ni mzaliwa wa Tanga, anafanya kazi ya kuhudumia wazee Coventry, Uingereza. Kazi yenyewe haiwezekani bila gari, kwani asubuhi yuko kwa bibi mmoja upande huu wa mji, saa mbili baadaye yuko kwa babu mwingine upande wa pili. Mkataba wa gari lake alikuwa nao kwenye simu, kurasa kumi na tano za Kiingereza. Aliusaini kwa kidole akiwa ofisini kwa muuzaji, mtoto amembeba mgongoni. Alinipigia jioni moja akasema, “Kaka, nimeletewa barua. Naona neno la kuvunja mkataba, na kuna mtu ananitumia ujumbe nisalimishe gari. Nisomee.”

Mimi kazi yangu ni ukalimani. Mambo ya kutafsiri barua za hospitali na shule nimeyazoea, lakini mkataba wa gari ni kazi ya namna nyingine, maana neno moja ukilikosea mtu anapoteza gari au anabeba deni ambalo hakupaswa kulibeba. Nakieleza kisa hiki kwa sababu mikataba ya namna hii inafanana sana, na wenzetu wengi wanayo mifukoni bila kujua sehemu mbili zake zinavyoshikana: ile ya malipo makubwa ya mwisho, na ile inayosema gari linaweza kuchukuliwa lini.

Nianze na jina la mkataba wenyewe. Yeye alikuwa akisema “mkopo wa gari”. Mkopo ungekuwa hivi: benki inakupa pesa, unanunua gari, gari ni lako, unadaiwa pesa. Aliosaini yeye si huo. Ni mkataba wa kukodi huku unanunua. Kampuni ya fedha ilinunua gari kwa muuzaji, ikamkodisha yeye kwa miaka minne, na mwisho wa kila kitu, akishalipa mpaka senti ya mwisho pamoja na ada ndogo ya pauni 10 ya kukubali kununua, ndipo gari linahamia kwake. Kabla ya hapo yeye ni mkodishwaji. Hawezi kuliuza wala kuliweka rehani.

Alibisha. Akanionyesha kadi ya gari yenye jina lake. Hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Aliyezoea Kenya anajua kwamba gari la mkopo mara nyingi huandikwa jina la benki na la mnunuzi pamoja kwenye logibuku, kwa hiyo akiona jina lake peke yake anaamini gari ni lake. Karatasi ya Uingereza, ile inayoitwa V5C, haisemi nani mwenye mali. Inasema nani anayelitunza gari na kuwajibika kwa faini na kodi ya barabara, na imeandikwa wazi juu yake kwamba si ushahidi wa umiliki. Nilimsomea sentensi hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe miezi yote hii naosha gari la watu.”

Tukaingia kwenye hesabu. Bei ya gari taslimu ilikuwa pauni 14,000. Alitoa kianzio cha pauni 1,400, kampuni ikaweka 12,600 zilizobaki. Riba yake ilikuwa kama asilimia 10 kwa mwaka. Malipo ya kila mwezi ni pauni 228, mara 47. Halafu mwezi wa 48 kuna mstari mmoja tu: pauni 5,420, pamoja na zile 10 za ada. Ukijumlisha vyote, kianzio, rejesho 47, mkupuo wa mwisho na ada, unapata pauni 17,546. Hiyo ndiyo jumla yote inayolipwa chini ya mkataba. Naomba msomaji aishike namba hiyo, kwa sababu kila kinga iliyomo ndani ya mkataba inapimwa kwa hiyo, wala haipimwi kwa bei ya gari.

Ule mkupuo wa 5,420 ndio wauzaji na wanunuzi huuita baluni. Muuzaji alimwambia, kwa kumbukumbu zake, kwamba “mwisho kuna kitu kidogo cha kumalizia”. Pauni 5,420 ni zaidi ya rejesho la miezi 23. Kwa nini wanaweka hivyo? Ili rejesho la kila mwezi lionekane dogo. Nilimpigia hesabu ya gari lilelile, kianzio kilekile na riba ileile, bila baluni: angelipa kama pauni 317 kwa mwezi, mara 48. Jumla ingekuwa 16,626. Kwa hiyo baluni ilimpunguzia karibu pauni 90 kila mwezi, na kwa malipo ya hiyo nafuu atatoa pauni 920 zaidi hadi mwisho, kwa sababu zile 5,420 zinakaa zikila riba miaka minne mizima bila kupunguzwa hata kidogo. Si lazima iwe dili mbaya. Mtu ambaye pauni 90 kwa mwezi ndizo zinazomwezesha kulipa kodi ya nyumba anaweza kuichagua macho wazi. Ubaya ni kuichagua bila kujua kwamba umechagua.

Hapa kuna neno la kulitafuta kwa makini. Ziko aina mbili za mkataba wenye mkupuo mwishoni, na kwa macho zinafanana. Aina ya kwanza huandika malipo hayo kama “Optional Final Payment”, yaani malipo ya mwisho ya hiari. Humo, muda ukiisha, mkataba wenyewe unakupa nafasi ya kurudisha gari badala ya kulipa mkupuo, ilimradi hujapita maili mlizokubaliana na gari halijaharibika kupita kiasi. Kampuni imekwisha kukubali kubeba hasara iwapo thamani ya gari itashuka chini ya kiasi hicho. Aina ya pili haina neno hilo la hiari. Mkupuo ni deni kama rejesho lingine lolote, na mkataba haujaahidi kulipokea gari. Tulipitia ukurasa wa malipo mara mbili, nikawa namtajia kila neno. Neno la hiari halikuwemo. Mkataba wake ulikuwa wa aina ya pili.

Akauliza swali ambalo kila mtu angeuliza: “Sasa hizo elfu tano nitazitoa wapi?” Nikamwambia tuliache kwanza, tutalirudia, kwa sababu barua iliyokuwa mezani ilikuwa na tarehe, na tarehe ilikuwa siku kumi na moja mbele.

Kilichotokea ni hiki. Alikuwa amelipa rejesho 18 bila kukosa. Kisha shirika analofanyia kazi likampunguzia saa, akakosa rejesho la 19 na la 20. Barua aliyopokea ni ile ya kisheria ya kumjulisha mdaiwa kwamba amekosa kulipa. Nasisitiza tafsiri, kwa sababu mtoto wake wa shule alikuwa amemtafsiria kama “umefanya kosa” na “umevunja mkataba”, naye akaelewa kwamba mambo yamekwisha, labda na polisi wanahusika. Hakuna jinai yoyote hapo, na mkataba bado ulikuwa hai. Barua inasema: umechelewa malipo ya pauni 456, yalipe kabla ya tarehe fulani, usipolipa, sisi tutakuwa na haki ya kuuvunja mkataba na kulichukua gari. Chini ya Sheria ya Mikopo ya Watumiaji ya Uingereza ya mwaka 1974, kampuni haiwezi kuuvunja mkataba wala kuchukua gari kwa sababu ya kuchelewa malipo bila kutuma kwanza barua hiyo na kutoa siku zisizopungua 14. Na sheria hiyohiyo inasema, ukilipa kinachotakiwa kabla ya tarehe iliyotajwa, kule kukosa kunahesabiwa kana kwamba hakukuwapo. Hapo alipumua. Nilimsikia kwenye simu.

Kisha tukafungua ukurasa wenye kisanduku. Kila mkataba wa namna hii Uingereza lazima uwe nacho, na maneno yake yamepangwa na sheria, kampuni haiyatungi. Kimoja kina kichwa “Repossession: Your Rights”. Maana ya kichwa ni haki zako pindi wakitaka kulichukua gari. Wengi wakiona neno hilo la kwanza hufikiri hapo ndipo kampuni inapojipa nguvu, wanaruka. Ni kinyume chake. Kwa Kiswahili kinasema hivi: usipotimiza wajibu wako katika mkataba huu, lakini umeshalipa angalau theluthi moja ya jumla inayolipwa, yaani pauni 5,848.67, mkopeshaji haruhusiwi kulichukua gari bila ridhaa yako mpaka apate amri ya mahakama. Akilichukua bila ridhaa yako na bila amri hiyo, una haki ya kurudishiwa pesa zote ulizolipa.

Pesa zote. Nilirudia. Si faini ndogo kwa kampuni. Mkataba unakufa, mteja hadaiwi tena hata senti, na kila alichotoa kinarudi. Ndiyo sababu kampuni zenye akili huogopa sana kugusa gari lililopita theluthi, na badala yake hutafuta ridhaa. Ridhaa hiyo tutaiona baada ya kitambo.

Kwanza tupige hesabu yake. Kianzio 1,400 kinahesabiwa. Watu wengi huanza kuhesabu kwenye rejesho la kwanza na kujipunja. Rejesho 18 za 228 ni 4,104. Jumla 5,504. Theluthi ni 5,848.67. Alikuwa amepungukiwa pauni 344.67, rejesho moja na nusu hivi. Kwa maneno mengine, siku ile gari lake halikuwa na kinga. Tarehe ya barua ingepita bila malipo, kampuni ingeuvunja mkataba, na gari lililoegeshwa barabarani mbele ya nyumba yake lingeweza kubebwa na lori usiku bila hakimu yeyote kuulizwa.

Nasema barabarani kwa makusudi. Sheria inakataza kampuni kuingia katika eneo lolote kulichukua gari bila amri ya mahakama, hata kama hujafika theluthi. Anayeegesha uani kwake au kwenye gereji yake ana ukuta huo. Nyumba ya dada huyu ni ya safu, mlango unafunguka juu ya barabara, hana ua. Ukuta huo hakuwa nao.

Sasa rudi kwenye baluni uone ilichomfanyia. Katika ule mkataba ambao hauna baluni, wa 317 kwa mwezi, theluthi ya jumla ni 5,542, na angeifikia kwenye rejesho la 14. Kwa mkataba wake anaifikia kwenye rejesho la 20. Kukwama kulekule mwezi wa 19 kungemkuta tayari yuko ndani ya kinga kwa miezi mitano. Rejesho dogo linapendeza, lakini linakusogeza polepole kuelekea kwenye mstari, huku baluni ikiusukuma mstari wenyewe mbele kwa kuikuza jumla. Sijawahi kumsikia muuzaji akilieleza hilo, na kwenye karatasi halijaandikwa popote. Linajitokeza tu ukiwa na kalamu. Anayetoka Kenya asidhani pia kwamba sheria ya huku ni ya kule: Sheria ya Kenya ya ununuzi wa kukodi, Sura ya 507, inaweka mstari huo kwenye theluthi mbili. Kwa gari hili ingekuwa karibu pauni 11,700.

Basi tukaja kwenye ule ujumbe wa simu. Mtu alijitambulisha kuwa ni wakala anayefanya kazi kwa niaba ya kampuni, akamwambia kwa upole kwamba ili kuepuka usumbufu ajaze fomu fupi, lori litakuja kuchukua gari bila gharama. Kichwa cha fomu kilikuwa na maneno “voluntary surrender”. Dada alielewa kuwa ni njia ya kurudisha gari na kufunga deni. Nikamtafsiria: kusalimisha kwa hiari. Maana yake ni kwamba unatoa ridhaa lichukuliwe, hivyo ile kinga ya “bila ridhaa yako” unaifuta kwa mkono wako. Na deni halifungwi. Gari linapelekwa mnadani, bei itakayopatikana inatolewa kwenye kilichobaki, na wewe unadaiwa tofauti. Kwa mahesabu yangu salio lake, baada ya kuondoa riba ya miezi isiyofika, lilikuwa kama pauni 10,300. Gari likiuzwa 7,000, anabaki na deni la 3,300 na hana gari. Likiuzwa 6,000, anabaki na 4,300. Hakuna aliyejua litauzwa ngapi, na kusubiri mnada si jambo la kumfanyia mtu mwenye watoto wawili.

Kuna njia nyingine ambayo kwa sikio inafanana na hiyo, na kuzichanganya ndiyo hasara kubwa ninayoiona mara kwa mara. Kisanduku cha pili cha sheria kina kichwa “Termination: Your Rights”. Kinasema: una haki ya kuusitisha mkataba huu. Mwandikie unayemlipa. Atastahili kurudishiwa gari pamoja na nusu ya jumla inayolipwa, yaani pauni 8,773. Kama umeshalipa angalau kiasi hicho pamoja na malimbikizo yoyote, na umelitunza gari kwa uangalifu wa kawaida, hulipi zaidi.

Kusitisha huku kuna dari. Haijalishi gari limeuzwa ngapi. Deni lako haliwezi kupita nusu, labda kama umeliharibu au una malimbikizo yaliyokwisha kuipita. Kusalimisha hakuna dari. Ndiyo maana anayetaka kurudisha gari aandike kwamba anatumia haki yake ya kusitisha mkataba, asisaini fomu yenye neno la kusalimisha. Na aandike mapema. Ukisubiri mpaka kampuni yenyewe iuvunje mkataba baada ya tarehe ya barua, unajiweka mahali ambapo watakwambia hakuna tena mkataba wa wewe kuusitisha, na huko ni kwenda kubishana na wanasheria.

Kwa siku ile, njia ya nusu haikumfaa. Alikuwa amelipa 5,504. Angetakiwa kuongeza 3,269, na bado angekuwa bila gari na bila kazi. Nilimwambia hivyo waziwazi. Kilichomfaa kilikuwa pauni 456, na namna ya kuzilipa.

Hakuwa nazo zote. Yuko kwenye mchezo na wenzake wanane, kila mwezi mmoja anapokea. Zamu yake ilikuwa miezi mitatu mbele. Aliomba abadilishane, dada mmoja wa Mombasa akakubali, kwa sharti kwamba ampikie siku ya harusi ya binti yake. Jumatatu akawa na pauni 350 mkononi. Zilizobaki 106 zingetoka kwenye mshahara wa Ijumaa wiki ileile, siku nne kabla ya tarehe ya mwisho.

Angeweza kusubiri Ijumaa alipe kwa pamoja. Nikamshauri alipe 350 siku ileile, na sababu ni theluthi. 5,504 jumlisha 350 ni 5,854. Mstari uko 5,848.67. Pauni tano na senti kadhaa upande wa pili, lakini ni upande wa pili. Kama mshahara ungechelewa, kama benki ingegoma, kama Ijumaa ingeleta balaa nyingine, gari lingekuwa tayari haliguswi bila mahakama. Tuliandika kwenye barua pepe kwamba pesa hizo ni za rejesho la 19 na la 20, wala si za ada au gharama nyingine, ili mtu asije akazipunguza kwa gharama za barua na kumrudisha nyuma ya mstari. Tukaongeza sentensi mbili nilizomwandikia kwa Kiingereza na kumsomea kwa Kiswahili kabla hajatuma: kwamba kwa malipo haya ameshalipa zaidi ya theluthi ya jumla, na kwamba haridhii gari lichukuliwe. Akazisoma mara tatu kwa sauti. Yule wakala tulimjibu kwa sentensi moja, kwamba hatasaini fomu.

Kupita theluthi hakufuti deni, na hilo nalo nilimweleza asije akalala. Kampuni bado inaweza kwenda mahakamani. Tofauti ni kwamba huko anakaa hakimu, na hakimu ana uwezo wa kumpangia mdaiwa malipo madogo kulingana na kipato chake badala ya kuamuru gari litolewe. Hata yeye mwenyewe, akishapata ile barua, anaweza kuomba mpango huo kwa fomu ya mahakama N440. Mahali pa kuanzia kwa anayehitaji msaada huo ni ofisi za Citizens Advice, ambako ushauri ni bure na mkalimani unaweza kumuomba.

Ijumaa mshahara ulifika. Akalipa 106. Jumanne iliyofuata kampuni ikajibu kwamba akaunti iko sawa. Mkataba ukaendelea kama zamani.

Ndipo akarudi na swali lake. “Zile elfu tano, kaka.”

Tulikaa nalo kwa muda, maana hapa kisanduku cha pili kilikuwa na jibu ambalo hata mimi mara ya kwanza sikuliona. Mkataba wake haumpi hiari ya kurudisha gari mwisho wa muda. Lakini sheria inampa haki ya kusitisha wakati wowote kabla ya siku ya malipo ya mwisho kuwadia, na malipo ya mwisho kwake ndiyo hiyo baluni. Akishalipa rejesho la 33 atakuwa ametoa pauni 8,924, amevuka nusu. Kuanzia hapo, mpaka siku moja kabla ya baluni, anaweza kuandika barua, akarudisha gari lililotunzwa vizuri, asidaiwe chochote. Kwenye mkataba usio na baluni angevuka nusu kwenye rejesho la 22. Ni pale pale tena, baluni imeusogeza mstari. Lakini mstari upo.

Hivyo mwezi wa 47 atakuwa na uamuzi wa kufanya, na uamuzi wenyewe ni wa sokoni. Gari la namna ile, umri ule, maili zile, linauzwa ngapi? Likiwa lina thamani ya 7,000, kulipa 5,430, ada ikiwa ndani yake, ni kununua kwa faida, hata akikopa kwingine ili kulipa. Likiwa 4,500, kulipa baluni ni kutoa pauni 930 bure. Bora aandike barua na alirudishe. Hawezi kurudishiwa zile alizokwisha kulipa kupita nusu, hilo nilimwambia asilitegemee. Anachookoa ni ile 5,420.

Kitu kimoja kinaweza kumkwamisha: tarehe. Siku ya baluni ikishafika, haki ya kusitisha imekwisha, na kama debiti ya moja kwa moja ya benki imewekwa, wanaweza kujaribu kuvuta pauni 5,420 asubuhi ile ile. Aidha barua isiwe ya kuomba ruhusa. Isiseme “ningependa kurudisha gari, je inawezekana?” Iseme kwamba anausitisha mkataba kwa haki aliyopewa na sheria, kuanzia siku ya barua, na gari liko tayari kuchukuliwa. Baada ya hapo asaini tu karatasi ya kukabidhi yenye hali ya gari, na asome kichwa chake kabla ya kalamu kugusa.

Tuliiandika barua hiyo siku ileile, bila tarehe, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Pia nilimwambia aanze kuweka risiti za sevisi na matairi, na apige picha za gari kila baada ya miezi michache, kwa kuwa “uangalifu wa kawaida” ndiyo sehemu pekee ya kisanduku inayobaki ya kubishaniwa.

Barua iko ndani ya bahasha juu ya friji yake. Pembeni kuna kalenda ya msikiti, na kwa ajili ya mwezi mmoja wa mbele kabisa, ambao bado haujachapishwa kwenye kalenda hiyo, amegandisha karatasi ya njano aliyoandika kwa mkono wake: wiki sita kabla ya baluni, uliza bei ya gari.